Sindano ya miezi mitatu: damu isiyokatika, miezi bila hedhi, na namna ya kujua kipi cha kawaida na kipi cha kukimbilia hospitali

Wanawake wengi wanaorudi zahanati na malalamiko baada ya sindano ya uzazi wa mpango huleta moja kati ya mambo mawili. Mmoja anasema damu haikatiki, ni wiki ya tatu sasa anabadilisha vitambaa. Mwingine anasema hajaziona siku zake tangu korosho zilizopita, na nyumbani wameanza kumwambia damu imemjaa tumboni. Wote wawili wamechomwa dawa ileile, na mara nyingi wote wawili wako salama. Lakini si mara zote. Mwongozo huu unahusu namna ya kutofautisha, kwa hatua ambazo mama aliyeko Tandahimba, Liwale au Kilwa anaweza kuzifuata kwa kalenda, kalamu na safari moja au mbili za zahanati.

Sindano tunayoizungumzia ni ile ya miezi mitatu. Iko ya kuchomwa kwenye msuli wa bega au takoni, miligramu 150 za dawa, na iko ndogo ya chini ya ngozi, miligramu 104, ambayo mama anaweza kufundishwa ajidunge mwenyewe pajani au tumboni. Kwa upande wa damu zote mbili zina tabia moja.

Kwa nini dawa moja ilete damu nyingi kwa huyu na ukavu kwa yule

Mwezi wa kawaida, yai linapokua, ukuta wa ndani wa kizazi hunenepa ukijiandaa kupokea mimba. Mimba isipoingia, ukuta ule hubomoka kwa pamoja, ndiyo hedhi, halafu unaanza kujengwa upya. Sindano inazuia yai lisipevuke. Yai lisipopevuka, ukuta haupati amri ya kunenepa wala amri ya kubomoka. Unabaki mwembamba, na mishipa yake midogo ya damu inakuwa dhaifu. Leo mshipa mmoja unapasuka sehemu hii, kesho mwingine sehemu ile. Damu inayotoka hivyo haina tarehe, haina mpangilio, na inaweza kuchukua siku nyingi kwa sababu hakuna ubomoaji wa mara moja unaokwisha.

Dawa ikiendelea kukaa mwilini sindano baada ya sindano, ukuta unazidi kuwa mwembamba mpaka unafika mahali hauna cha kutoa. Hapo siku zinakatika kabisa. Kwa hiyo kuvuja ovyo kwa miezi ya mwanzo na kukauka baadaye ni safari moja, wengi huanzia kwenye la kwanza na kuishia kwenye la pili. Baada ya mwaka mmoja wa sindano, karibu nusu ya wanawake au zaidi kidogo hawaoni siku zao. Baada ya miaka miwili ni kama wawili katika kila watatu.

Hii ndiyo sababu ile hofu ya damu kujaa tumboni haina msingi. Damu ya hedhi haiko mahali ikisubiri kutoka. Inatokana na ukuta ulionenepa, na huu haujanenepa. Mwanamke wa sindano akipimwa kwa picha ya mawimbi, kizazi chake huonekana kitupu, na ukuta wake mwembamba. Kama tumbo limeongezeka kweli, tafuta sababu nyingine: unene, kwa kuwa sindano huwaongezea baadhi ya wanawake uzito, au mimba, ambayo hupimwa kwa mkojo ndani ya dakika chache.

Hatua ya kwanza: andika, usitegemee kumbukumbu

Mhudumu hawezi kukusaidia sana ukimwambia «natokwa tu damu». Chukua kalenda ya ukutani au daftari la mtoto, weka alama siku uliyochomwa, halafu kila jioni andika herufi moja. M iwe matone, yaani kitambaa kimoja kinatosha siku nzima na unaona madoa tu. K iwe kiasi kama hedhi yako ya kawaida. N iwe nyingi, maradufu ya ulivyozoea. Siku kavu weka kistari. Kipimo ni wewe mwenyewe ulivyokuwa kabla ya sindano, si dada yako wala jirani.

Wanaotumia vitambaa vya khanga wahesabu vitambaa vilivyolowa hadi pembeni, si vilivyobadilishwa kwa ajili ya usafi. Tofauti ni kubwa. Mtu anaweza kubadilisha mara sita kwa siku kwa kuwa hapendi unyevu, kumbe kila kitambaa kina doa la ukubwa wa kiganja.

Andika pia mambo matatu pembeni: kama damu imekuja baada ya kukutana na mume, kama kuna maumivu na yako upande gani, na dawa yoyote uliyomeza, ikiwemo ya miti shamba. Haya matatu ndiyo yanayobadilisha uamuzi wa mhudumu kuliko idadi ya siku.

Hatua ya pili: linganisha na kinachotarajiwa

Katika miezi mitatu ya kwanza, na mara nyingi hadi sindano ya pili, tarajia chochote kati ya matone ya siku mbili na kutokwa kwa wiki mbili tatu mfululizo. Rangi inaweza kuwa nyekundu, ya kahawia au nyeusi kama mashapo ya kahawa. Damu nyeusi ni damu iliyochelewa kutoka, si uchafu na si sumu. Damu ya aina hii, kama ni kidogo au kiasi, haina maumivu makali, haina harufu mbaya na wewe mwenyewe una nguvu zako, ni tabia ya dawa. Ikizidi siku 8 mfululizo au ikiwa maradufu ya hedhi yako, bado huenda ni sindano tu, ila sasa inastahili kutibiwa. Usikae nayo nyumbani kwa sababu uliambiwa «itazoea».

Kati ya sindano ya pili na ya nne damu hupungua na kuachana nafasi. Wengine huona matone wiki ya mwisho kabla ya sindano inayofuata, dawa inapoanza kupungua mwilini. Baada ya mwaka, wengi hukauka.

Sasa visivyotarajiwa. Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona kitambaa au pedi inalowa yote ndani ya saa moja na hali hiyo ikaendelea saa mbili au zaidi, ukipata kizunguzungu cha kuanguka, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, au maumivu makali ya chini ya kitovu, hasa upande mmoja. Hilo la mwisho linaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Sindano inazuia mimba vizuri sana, kwa hiyo jambo hili ni nadra, lakini linaua haraka na halisubiri usafiri wa kesho.

Nenda ndani ya siku chache, bila kusubiri tarehe ya sindano, kama kuna homa pamoja na uchafu wenye harufu, kama damu inatoka kila baada ya tendo la ndoa, au kama ulikuwa umeshakauka kwa miezi mingi na ghafla damu nyingi ikarudi. Sindano huanza na fujo na kuishia na utulivu. Ikienda kinyume, yaani utulivu kwanza kisha fujo, tafuta sababu nyingine kwanza, ndipo uilaumu sindano.

Hatua ya tatu: mambo ya kukaguliwa zahanati

Ukienda, beba kadi ya uzazi wa mpango na ile kalenda. Kipimo cha kwanza ni cha mimba. Wapo wanaochomwa wakiwa tayari na mimba changa isiyoonekana kwenye kipimo, ndiyo maana aliyeanza sindano katikati ya mwezi akarudiwe kipimo baada ya wiki tatu hadi nne. Cha pili ni wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu, chini ya 8 ni upungufu mkali. Huku kwetu kusini malaria na safura huipunguza damu hata kabla ya sindano, kwa hiyo kipimo cha malaria kifanyike na ulize ni lini mara ya mwisho ulimeza dawa ya minyoo. Mama aliyeanza na 10 hawezi kuvumilia wiki tatu za kuvuja kama aliyeanza na 13.

Cha tatu, na hiki hurukwa mara nyingi, ni kuangaliwa shingo ya kizazi kwa kifaa. Omba kama hukuangaliwa, hasa ukiwa na uchafu, harufu au damu baada ya tendo. Anayeangalia anatafuta vidonda, maambukizi ya zinaa kama kisonono, dalili za awali za saratani kwa kipimo cha siki, na kichocho.

Kichocho tukizungumzie kidogo, kwa kuwa kipo mikoa hii na watu wengi wanadhani ni ugonjwa wa watoto wa kiume kukojoa damu. Minyoo ya kichocho cha mkojo hutaga mayai pia kwenye shingo ya kizazi na uke. Mayai yakikwama pale huleta madoa ya njano kama punje za mchanga na mishipa inayovuja kirahisi, hasa baada ya tendo. Mwanamke anayelima mpunga bondeni, anayefua au kuoga kwenye dimbwi au kijito kinachokwenda polepole, yuko kwenye hatari. Akichomwa sindano mwezi huohuo, lawama yote inaangukia sindano.

Namna rahisi ya kuanza kutofautisha ukiwa nyumbani: jisafishe, ziba uke kwa kitambaa safi, halafu kojoa kwenye chombo cheupe au cha kioo. Mkojo ukiwa na damu, na hasa matone ya mwisho yakiwa mekundu, damu inatoka kwenye kibofu, haitoki kwenye kizazi. Mkojo ukiwa safi na kitambaa kina damu, inatoka ukeni. Sema hivyo kwa mhudumu, apime mkojo kwa hadubini. Mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio unaobeba mayai mengi.

Uchunguzi ukiendelea, sindano inaweza kuendelea pia. Si lazima uiache ndipo upimwe.

Hatua ya nne: dawa za kuzuia damu, na zinachoweza kufanya

Dawa zipo, lakini zinatuliza kwa muda tu. Damu hurudi kwa wengi baada ya dozi kuisha, na kujua hilo mapema kunakuepusha kudhani umeshindikana.

Ya kwanza ni za kundi la ibuprofeni. Zinapunguza kemikali zinazolegeza mishipa ya ukuta wa kizazi. Hutumiwa siku 5, kila mara baada ya kula, kuanzia damu inapoanza kusumbua. Ibuprofeni hupangwa hadi miligramu 800 mara tatu kwa siku. Asidi ya mefenamiki ni miligramu 500 mara mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, au pumu inayochochewa na dawa hizi asizitumie. Aspirini usiiguse kwa kazi hii, kwa kuwa inaongeza kuvuja.

Ya pili ni vidonge vya majira, kidonge kimoja chenye homoni kila siku kwa siku 21. Homoni ya estrojeni iliyomo hujenga ukuta kidogo na kuziba mishipa. Hapa masharti ni makali zaidi: havimfai anayenyonyesha mtoto chini ya miezi sita, mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli. Kwa hiyo pima presha kwanza, na usinunue dukani kwa kuambiwa na shoga. Vidonge 7 vya rangi tofauti mwishoni mwa pakiti havina homoni hiyo, haviingii kwenye hesabu. Ukimaliza siku 21, siku chache baadaye damu kama ya hedhi inaweza kushuka. Hiyo ni ya kutarajiwa.

Ikiwa wingi wa damu umeshuka, ongeza vidonge vya madini ya chuma. Usivimeze na chai, maana chai inazuia chuma kufyonzwa. Acha saa moja au mbili katikati. Choo kitakuwa cheusi. Endelea miezi mitatu, hata kama unajisikia vizuri baada ya wiki mbili. Samaki, dagaa, maini na mboga kama kisamvu vinasaidia kukuweka juu, lakini peke yake havikurudishi kutoka 9.

Kuna mambo ambayo hufanywa sana na hayasaidii. Kuchomwa sindano nyingine mapema ili «ikate damu» hakukati damu. Sindano inaweza kutolewa hadi wiki mbili kabla ya tarehe bila madhara, lakini hiyo ni kwa ajili ya safari, si tiba. Viuavijasumu vya «kusafisha kizazi» bila maambukizi kuonekana havifanyi lolote kwa mishipa iliyo dhaifu. Na kuikimbia sindano katikati hakusimamishi damu siku hiyo: dawa ikishaingia haiwezi kutolewa, inakwisha yenyewe kwa wiki kadhaa.

Mfano mmoja, tarehe kwa tarehe

Mama wa miaka 26, watoto wawili, wa mwisho ameshaachishwa ziwa, analima mpunga bondeni mwa Lukuledi. Tarehe 6 Januari, siku ya tatu ya hedhi yake, anachomwa sindano ya kwanza. Kwa kuwa yuko ndani ya siku saba tangu hedhi ianze, amelindwa tangu siku hiyo. Hedhi inakwisha tarehe 9. Tarehe 21 anaanza kuandika M. Tarehe 26 inakuwa K, pedi tatu kwa siku. Tarehe 30 ni siku ya kumi mfululizo, anaenda zahanati.

Kipimo cha mimba hakina kitu. Presha 118 kwa 76. Wingi wa damu 11.2, upungufu mdogo. Malaria hana, hana maumivu, hana harufu. Muuguzi anamwambia hii ni sindano, anampa ibuprofeni za miligramu 400, mbili kwa mara tatu baada ya kula kwa siku 5, jumla vidonge 30, pamoja na madini ya chuma. Siku ya tatu ya dawa inabaki matone, tarehe 3 Februari inakauka.

Tarehe 12 Februari matone yanarudi, yanakuja na kuondoka mpaka mwisho wa mwezi. Tarehe 1 Machi anarudi. Hanyonyeshi, presha ni nzuri, anaanza vidonge vya majira. Damu inakatika ndani ya siku chache, anamaliza vidonge tarehe 21, na kuanzia tarehe 24 anaona damu ya siku tano kama hedhi. Alikuwa ameambiwa, hakushtuka.

Wiki 13 baada ya 6 Januari ni tarehe 7 Aprili. Angeweza kuja mapema kabisa tarehe 24 Machi, na angeweza kuchelewa hadi 5 Mei, yaani wiki nne, bila kulazimika kupimwa mimba. Anakuja tarehe 7 Aprili. Katika miezi mitatu iliyofuata anaandika M siku sita tu. Sindano ya tatu 7 Julai, ya nne 6 Oktoba. Tangu Agosti kalenda ni vistari vitupu.

Novemba anaandika jambo jipya: matone mekundu asubuhi baada ya kukutana na mume, mara mbili, halafu mara ya tatu. Ni damu kidogo kuliko ile ya Januari, haimsumbui hata kidogo, lakini hii ndiyo ya kumpeleka mbio. Alikuwa ameshakauka, na damu imefungamana na tendo. Anaangaliwa shingo ya kizazi. Kipimo cha siki hakioneshi dalili za saratani, ila kuna madoa ya njano yenye punje kama mchanga. Mkojo wa saa tano una mayai ya kichocho. Ana kilo 60, dawa ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo, yaani miligramu 2,400, vidonge vinne vya 600 kwa mkupuo mmoja baada ya kula. Anaambiwa kwamba minyoo itakufa lakini madoa yanaweza kukaa muda mrefu, arudi kuangaliwa, na akirudi kwenye maji yaleyale ataambukizwa tena. Sindano anaendelea nayo.

Kama zahanati haina kifaa cha kuangalia shingo ya kizazi wala picha ya mawimbi, omba rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kwa damu inayohitaji kuongezwa, ni hospitali: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, na zile za Ndanda na Nyangao kwa wanaoishi njia ya Masasi.

Swala na funga

Kwa wanawake wengi wa pwani hii, wiki tatu za damu maana yake ni swali ambalo muuguzi halijibu: niswali au nisiswali? Wapo walioacha sindano mwezi wa Ramadhani kwa ajili hiyo tu. Katika madhehebu ya Shafii, hedhi haizidi siku 15. Damu inayovuka hapo huhesabiwa kwa kanuni za istihadha, na mwenye istihadha anaoga, anajisitiri, anatawadha kwa kila swala ya faradhi na anafunga. Zipi katika siku hizo ni hedhi na zipi istihadha hutegemea ada yako ya zamani na rangi ya damu, kwa hiyo ile kalenda yenye M, K na N mpelekee pia mwalimu wa kike au shekhe unayemwamini. Atakujibu vizuri zaidi akiona tarehe.

Miezi bila hedhi: lini upime mimba

Ukiwa unafuata tarehe zako na huna dalili, kukosa siku hakudai kipimo kila mwezi. Pima ikiwa ulichelewa sindano zaidi ya wiki nne na ukakutana na mume, ikiwa una kichefuchefu cha asubuhi na matiti yanauma, au ikiwa ulikuwa ukiona siku kila mwezi hata ukiwa kwenye sindano halafu zikakatika ghafla. Kipimo cha mkojo huaminika wiki tatu baada ya tendo la mwisho unalolitilia shaka. Ukipima siku tano baada yake, jibu la «hakuna» halina maana.

Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, ndipo tarehe hupotea, familia zikiwa zimehamia mashambani. Tarehe yako ikiangukia humo, chomwa hadi wiki mbili kabla hujaondoka, au jifunze kujidunga na ubebe sindano yako. Ukirudi ukiwa umepita wiki nne za ziada, utachomwa ikithibitika huna mimba, na utumie kondomu siku 7 za mwanzo.

Kuna kundi moja tunaloliombea uangalifu: wanawake waliokaribia miaka 50. Sindano inaficha ukomo wa hedhi, kwa sababu vyote viwili vinakausha. Mwenye umri huo azungumze na mhudumu kuhusu kubadilisha njia.

Ukiamua kuacha au kubadilisha

Damu ikiwa imekuchosha baada ya sindano mbili au tatu na dawa hazikusaidia, kubadilisha ni haki yako, na huhitaji ruhusa ya mtu. Jua tu unakokwenda. Kijiti nacho kinavuruga damu, kwa hiyo kuhamia huko kwa sababu hiyo peke yake ni kubahatisha, ingawa kijiti kinaweza kutolewa siku yoyote. Kitanzi cha shaba kinaacha mzunguko wako kama ulivyo lakini huongeza wingi wa hedhi, hasa miezi ya mwanzo. Mwenye upungufu wa damu aurekebishe kwanza. Vidonge vya majira ndivyo vinavyoleta hedhi nyepesi yenye tarehe, kwa anayekidhi masharti yale. Anza njia mpya tarehe ambayo sindano ingefuata, usiache pengo.

Ukiacha kwa ajili ya kuzaa, hesabu kuanzia sindano ya mwisho. Kwa wastani mimba hupatikana miezi 10 baada yake, na wengi sana huwa wameshapata ndani ya miezi 18. Kuchelewa huko hakuharibu kizazi. Hedhi inaweza kuanza na matone yasiyo na mpangilio. Na yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, kwa hiyo asiyetaka mimba asisubiri kuziona siku zake ndipo ajilinde. Miezi 18 ikipita tangu sindano ya mwisho bila hedhi wala mimba, mkapimwe wote wawili, wewe na mume wako.